Nilivyochora jua la jioni ndani ya chumba cha kusomea, Luchelele

Mimi ni mchora ramani za nyumba hapa Mwanza. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu anayejenga Luchelele, aliniambia: "Mwanangu, ramani sizielewi. Nionyeshe nitakavyokaa na kitabu changu saa kumi na moja jioni, jua likitokea ziwani." Chumba chenyewe ni mita 4 kwa 5, dirisha moja kubwa la vioo vinne linatazama magharibi. Nikaamua kutumia programu ya akili mnemba inayogeuza maelezo kuwa picha.

Prompti ya kwanza, yaani maelezo ninayoipa programu, niliandika kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake bado ni cha kubahatisha: chumba cha kusomea chenye jua, saa 11 jioni, dirisha la magharibi, Mwanza. Picha ilikuja nzuri mno, ila haikuwa Luchelele. Miale ilishuka na vumbi kama ndani ya kanisa kuu, na kivuli cha kiti kilielekea dirishani, kulekule mwanga unakotokea. Kumbe programu haipigi hesabu ya jua. Imejifunza picha nyingi zenye maelezo yake, kwa hiyo ukiitajia saa inakupa rangi ya jioni tu. Dira haina, na haijui kwamba hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua la mchana liko utosini na haliingii ndani kwa miale mirefu.

Hesabu ikabidi niifanye mwenyewe. Saa zetu za Tanzania zinatangulia jua la Mwanza kwa dakika kama 45, ndiyo maana jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo. Machi au Septemba, saa kumi na moja jioni, linakuwa nyuzi kama 27 juu ya upeo wa ziwa. Juu ya dirisha ni mita 2.1 kutoka sakafuni, na paa linatokeza nje sentimita 90 kwa kimo hichohicho. Hapo mwanga unaingia ndani mita 3 na kidogo. Saa tisa alasiri, jua likiwa nyuzi kama 57, unaishia nusu mita tu. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mtazamaji ni saa ngapi, kuliko rangi ya chungwa.

Kwa hiyo niliacha kutaja saa, nikaeleza mwanga unapoangukia:

```
reading room, one wide window on the left wall,
four panes in a row, low warm sun from the left,
four light patches reaching 3 m across the floor,
all shadows fall to the right, no light beams,
polished red cement floor, white lime walls,
reddish-brown hardwood shelves, satin finish,
one low armchair with woven seat
```

Neno "mninga" halikuisaidia, ndipo nikaeleza rangi na mng'ao wa mbao yenyewe. Mng'ao usiuache. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa inarudisha mwanga na kutia wekundu ukutani, na usipotaja kwamba imesuguliwa unapata zulia. Samani nazo zitaje chache. Nilipoweka viti vitatu, meza na taa, miguu ya viti ilianza kuungana.

Kila picha naikagua hivi: nahesabu vioo, kisha nahesabu madoa ya mwanga sakafuni. Vioo vinne na madoa sita, picha naitupa. Halafu naweka rula kwenye kivuli cha mguu wa kiti na kingine cha kabati. Vivuli vikikimbilia pande mbili zinazopingana, chumba kina majua mawili. Kati ya picha 12, tatu tu zilipita.

Urefu wa mwanga bado ulikuwa wa kukadiria, mara mita 2, mara ukuta wa pili. Nilipata nafuu nilipochora chumba kwenye SketchUp, chombo cha kompyuta cha kuchorea majengo kwa vipimo, nikaweka mahali, tarehe na saa ili vivuli viwe vya kweli, kisha nikaipa ile programu ya picha mchoro huo kama msingi, kiwango cha kuubadilisha kikiwa 0.4 kati ya 0 na 1. Nikipandisha hadi 0.7, dirisha lilihama.

Nilipompelekea Mwalimu picha, aliitazama kimya, akaonyesha kiti nilichokiweka mita moja na nusu kutoka dirishani. "Hapa si jua litakuwa juu ya kurasa?" Ni kweli, na robo saa baadaye lingemwingia machoni. Programu ilikipamba kiti kile vizuri sana bila kuliona hilo. Tumekisogeza hadi ukuta wa kaskazini, ubavu ukielekea ziwani, na dirisha nimeliongezea luva za mbao. Hizo luva ndizo zinazonishinda sasa: milia yake ya kivuli sakafuni inatoka imepinda kila mara, nami naichora kwa mkono.