Kutuma pesa Unguja kutoka Lamu: njia tatu nilizozijaribu

Dada yangu ameolewa Unguja, nami nakaa Lamu. Kila mwezi humpelekea shilingi 20,000 za Kenya za matumizi ya mama, ambaye anaishi kwake. Miezi mitatu niliijaribu njia tatu kwa kiasi hichohicho, na risiti zote ninazo.

Kabla ya kutuma huangalia tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, ambako bei ya sarafu hutolewa kila siku ya kazi. Miezi ile shilingi yetu moja ilicheza kwenye TSh 19, kwa hiyo 20,000 ni kama TSh 380,000. Hiyo ndiyo mizani yangu. Ada iliyoandikwa kwenye risiti haikwambii yote, kwa sababu kila mmoja hukubadilishia pesa kwa bei yake.

Mwezi wa kwanza nilikwenda benki. Ada ilikuwa shilingi 2,500, nikalipa. Nisilolijua ni kwamba pesa hazikwenda Unguja moja kwa moja. Benki iliniuzia dola kwa bei yake, dola 152, zikapitia benki ya kati huko nje, nayo ikakata dola 15. Zilipofika, benki ya dada ikazinunua tena kwa bei yake. Nilipeleka Alhamisi alasiri, saa ya mwisho ya kupokea maombi ya siku imeshapita. Ijumaa ndiyo ikawa siku ya kwanza ya kazi, wikendi ikaingia, akazipata Jumanne. Mkononi mwake: TSh 331,500. Ukihesabu kwa ile mizani, safari hiyo ilinila zaidi ya shilingi 5,000 za Kenya.

Kosa moja lilikuwa langu. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua nani abebe gharama: OUR ni mtumaji abebe zote, SHA mnagawana, BEN anabebeshwa mpokeaji. Yangu ilijazwa SHA nami nikatia sahihi bila kusoma. Baadaye niliambiwa upo pia mfumo wa EAPS, unaopeleka sarafu za Afrika Mashariki baina ya benki zetu bila kupitia dola. Hakuna aliyenitajia siku ile. Ukienda, uulize kwa jina.

Mwezi wa pili nilitumia simu, kutoka laini yangu hadi laini yake ya Tanzania. Ada shilingi 180, bei 18.40, zikaingia TSh 368,000 kabla sijamaliza kuvaa viatu. Kisha akatozwa ada ya kutoa kwa wakala, zikabaki kama 360,000. Ukijumlisha yote, imenigharimu kama shilingi 1,230, na sehemu kubwa imejificha kwenye ile 18.40. Kilichonichelewesha ni huku kwetu: pesa nilikuwa nazo taslimu, na wakala wa kwanza alikuwa hana floti, wa pili amefunga kwenda kuswali. Nilizunguka vichochoro vya Langoni karibu saa nzima ili niweke pesa zitakazosafiri kwa dakika moja.

Mwezi wa tatu, wakala wa pesa taslimu. Unatoa kitambulisho, unajaza jina la mpokeaji, unapewa namba ya siri ya kuchukulia. Ada 600, bei 18.10, TSh 362,000 zikamsubiri bila kukatwa tena. Jumla ya gharama ni kama shilingi 1,550.

Lakini hazikutoka siku ile. Mimi niliandika jina la baba yetu "Mohamed", kama lilivyo kwenye kitambulisho changu. Cha dada kimeandikwa "Muhammed". Karani wa Unguja akamrudisha. Dada akanipigia amechoka na jua:

"Kaka, mimi ni mtoto wa baba gani leo?"

Ikabidi nirudi na risiti na kitambulisho wakarekebishe herufi, na dirisha lilikuwa limeshafungwa. Akazichukua kesho yake asubuhi. Sisi ambao majina yetu yanatoka Kiarabu tuna tahajia nne kwa jina moja, kwa hiyo sasa mpokeaji yeyote namwambia kwanza anitumie picha ya kitambulisho.

Za kila mwezi nimebaki na simu. Benki nitairudia ikifika zamu ya karo ya mpwa wangu, maana ada yake haipandi sana kiasi kikikua: zile 2,500 na dola 15 zinauma kwenye 20,000, kwenye laki tatu hazionekani. Hapo nitaomba EAPS, na nitapeleka Jumatatu asubuhi. Wakala wa taslimu namweka kwa siku ambayo laini ya dada imefungwa, kama ilivyokuwa mwezi uliopita alipodondosha simu baharini pale Forodhani.