TAHADHARI: Mlango unaojifungua wenyewe hauponi kwa kuuziwa mlango mpya (Nairobi)

Wakazi wa Eastlands, hasa nyinyi wa maghorofa ya zamani yenye milango mizito ya mbao, kuna jamaa anazunguka akijiita mtaalamu wa "kusawazisha milango". Anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa, na kila nyumba aliyoingia alijitambulisha kwa jina lingine na laini nyingine. Mimi ni fundi wa mbao, na siku hizi naitwa kurekebisha alikopita. Nimeona niandike anavyofanya kazi, na zaidi niandike jinsi ya kumpima kabla hujamtumia hata shilingi.

Shabaha yake ni mlango unaojifungua au kujifunga wenyewe. Anafika na ovaroli safi, anaufungua na kuufunga, anagonga ubao kwa kidole, halafu anatikisa kichwa. "Mama, huu mlango umejikunja. Ukishajikunja ndio huanza kujifungua hivi. Hautengenezeki." Anataja bei ya mlango mpya pamoja na bawaba "za mizani", anataka nusu iingie M-Pesa palepale, tena kwenye namba ya simu na si ya till, kisha anaongeza kwa upole kwamba ule wa zamani atakuondolea bure.

Hapo ndipo penye faida yake. Mlango wa zamani ni mbao tupu, pengine mahogani au saiprasi iliyokauka miaka mingi, na una mnunuzi hata kabla haujashuka ngazi. Anaokuwekea wewe ni wa flashi, plaiwudi mbili nyembamba zilizobandikwa juu ya vijiti, na katikati mna uwazi.

Ila uongo wenyewe uko kwenye ile sentensi ya kujikunja. Mlango uliopinda una dalili zake: ukiufunga, kona moja inagusa fremu na nyingine inabaki nje, au kitasa kinakataa kuingia mpaka usukume kwa goti. Kupinda hakuufanyi utembee. Mlango hutembea wenyewe kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mstari unaopita katikati ya pini za bawaba haujasimama wima. Mstari huo ukiinama hata milimita 3 au 4 kutoka juu hadi chini, uzito wa mlango unatafuta mahali pa chini kabisa pa kupumzika. Umewahi kuona geti la ploti ambalo nguzo yake imeinama? Linakwenda upande ule ule nguzo inakoinamia, na mlango wa chumba ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ukining'iniza mlango mpya kwenye bawaba zilizoinama kama za mwanzo, utatembea kama wa mwanzo.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, funga madirisha yote. Upepo wa korido unaweza kusukuma mlango, lakini unausukuma leo huku na kesho kule, na kukiwa shwari mlango unatulia. Wenye tatizo la bawaba huenda upande mmoja siku zote. Madirisha yakishafungwa, uache mlango nusu wazi, utoe mkono taratibu, uangalie unakwenda kuishia wapi.

Mlango ukiingia chumbani na kusimama ukiwa umekaa mraba na ukuta, mstari wa bawaba umeinama kuelekea chumbani, yaani pini ya juu imetangulia ya chini. Ukienda moja kwa moja mpaka kubamiza ukuta wa nyuma, sehemu ya juu imeinama kinyume na upande wa kitasa. Ukijifunga wenyewe polepole, mara nyingi juu kumeinama kuelekea kitasa, na hapo kagua kwanza skrubu za bawaba ya juu, maana ndizo hulegea mapema kwa kuvutwa na uzito. Dalili yake ni mwanya mpana juu upande wa bawaba, na kona ya chini upande wa kitasa kukwaruza sakafu. Huyo jamaa hajawahi kumuuliza mtu swali hili la mlango unaishia wapi. Fundi asiyeuliza hivyo, na asiyetoa pima maji wala timazi kwenye mkoba, hajaja kutafuta ugonjwa.

Sasa nieleze kisa kimoja, cha mama mmoja wa Umoja aliyekuwa tayari ameuziwa mlango mpya. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa unajifungua, akamwita jamaa, akalipa, ule wa mbao ukaondoka. Mpya nao ukaanza kujifungua jioni ile ile. Jamaa akarudi, akatoa pini za bawaba, akazipiga nyundo kidogo juu ya ngazi ya zege mpaka zikapinda, akazirudisha. Mlango ukatulia, akadai pesa ya "kubalansi".

Hii ya kupinda pini ni ujanja wa zamani na mafundi wote tunaujua. Pini iliyopinda inakaza ndani ya bawaba, na ule mkazo unazuia mlango usitembee. Kwa mlango mwepesi unaosogea kidogo tu sioni ubaya, mradi mwenye nyumba aambiwe. Lakini haugusi chanzo. Pini inalika, unga mweusi wa chuma unaanza kuchuruzika chini ya bawaba, mlango unalia, kisha unarudia safari zake. Ukiona unga huo kwenye bawaba mpya, ivute pini uiviringishe juu ya kioo. Iliyonyooka inaviringika vizuri, iliyopigwa inarukaruka.

Kwa yule mama, mlango ulikuwa unaingia chumbani na kusimama mraba. Hilo peke yake lilinielekeza kutafuta pini ya juu iliyotangulia. Lakini pini inaweza kutangulia kwa njia mbili: ama fremu yenyewe imeinama na kuzibeba bawaba zote, au fremu imesimama sawa na bawaba moja ndiyo imewekwa pabaya. Zinatofautiana sana kwa gharama, kwa hiyo ni lazima upime zote mbili.

Nilipiga msumari mdogo juu ya fremu upande wa bawaba, ukijitokeza kuelekea chumbani, nikafunga uzi wenye nati nzito mwishoni. Nati nikaizamisha kwenye kikombe cha maji ili uzi uache kubembea, bila kugusa ukingo wala sehemu ya chini ya kikombe. Kisha nikapima kutoka kwenye uzi hadi uso wa mwimo: juu milimita 30, chini 31. Tofauti ya milimita moja kwa fremu ndefu kuliko mtu si kitu. Nikahamisha uzi ndani ya uwazi wa mlango nikapima mwelekeo wa pili, ule wa kitasa, na huko pia palikuwa sawa. Fremu haikuwa na kosa. Pima maji fupi ya inchi 9 isikudanganye hapa, kwa sababu inaonyesha kipande kidogo tu cha mbao, na mwimo unaweza kuwa na tumbo katikati. Uzi unaonyesha urefu wote.

Baada ya hapo niliusogeza uzi mbele ya bawaba zenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Mlango ule ulikuwa na bawaba mbili. Kutoka kwenye uzi hadi bawaba ya juu, pale pini inapokaa, milimita 12. Ya chini, 17. Basi bawaba ya chini ilikuwa imezama milimita 5 nyuma ya mwenzake. Nikamuuliza mama kama iliwahi kubadilishwa, akasema ndiyo, ile ya kwanza ilishika kutu kwa maji ya kupiga deki. Aliyeibadilisha alikuta mbao imelika, akasogeza bawaba ndani kidogo apate mbao ya kushika skrubu. Tatizo lote lilianzia hapo, na mlango wa kwanza haukuwa na hatia. Jamaa alipoleta mpya, aliufunga kwenye sehemu zile zile zilizochongwa kwenye fremu.

Dawa yake ni kuushikilia mlango kwa kabari chini, kufungua bapa la bawaba ya chini upande wa fremu tu, na kuziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi ya mbao. Usiruke hatua ya vijiti. Ukisogeza bawaba milimita 5, tundu jipya linaangukia ubavuni mwa la zamani, na skrubu inateleza kurudi ilikotoka. Gundi ikikauka, unachonga kwa patasi milimita 5 kuelekea chumbani, unatoboa matundu membamba, unafunga kwa skrubu za inchi 2 badala ya zile fupi za inchi 1, na ule mwanya unaobaki nyuma unauziba kwa kipande cha mbao. Pini zilizopigwa nyundo nikazitupa, nikaweka nyoofu. Mlango sasa unakaa popote unapouacha, robo, nusu au wazi kabisa. Kama wako una bawaba tatu, legeza ya katikati kwanza uifunge mwisho, la sivyo itashindana na zile mbili.

Wengine hubandika kipande cha kadi nyuma ya bapa. Kinasaidia pale tu mstari umeinama upande wa kitasa au kinyume chake: nyuma ya bawaba ya juu kwa mlango unaobamiza ukuta, nyuma ya bawaba ya chini kwa unaojifunga. Kwa tatizo la yule mama kadi isingefanya kitu.

Uzi ukionyesha kwamba fremu yenyewe imeinama milimita 8 au 10, basi kazi ni kubwa kweli: kukata plasta, kung'oa fremu na kuisimamisha upya. Hata hapo mlango wako wa zamani unarudi palepale. Na wa Embakasi, South C na kwingine kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, tazameni kwanza kuta. Kama kuna ufa wa mshazari unaotoka kona ya juu ya mlango, na mlango unabadilisha tabia kati ya Februari na Mei, jengo ndilo linalosogea, na fundi wa mbao hana la kukufanyia mpaka msingi uangaliwe.

Waliokwisha lipa, msifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp, na mpige picha bawaba kabla mtu mwingine hajazigusa. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Yule mama ameshaandaa karatasi zake, na anadai arudishiwe pesa pamoja na thamani ya mlango wa mbao. Kama umeona mlango wa paneli sita, rangi ya maziwa ukiwa na alama ya komeo mbili upande mmoja, ukiuzwa kando ya barabara, mwulize muuzaji aliununua kwa nani, kisha uandike hapa chini.