Kizunguzungu changu kilitoka sikioni: uzoefu wangu wa kliniki ya masikio

Ilikuwa kama saa kumi alfajiri. Nilijigeuza ubavu wa kulia kuvuta shuka, na chumba chote kikaanza kuzunguka. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, feni ya darini imesimama kabisa, lakini mimi naiona inakwenda. Nilishika godoro kwa mikono miwili, nikafumba macho, jasho linanitoka. Kikaisha chenyewe. Nilipoinuka kwa ajili ya sala nilikuwa nayumba kidogo tu, nikasema labda ni njaa. Kwenye sujudu ya kwanza kikarudi.

Sikuogopa presha wala sukari. Niliogopa kiharusi, maana mwaka mmoja nyuma kaka yangu mkubwa alianza hivyohivyo kwa neno hilohilo: kizunguzungu.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda walinipima malaria, hakuna. Presha ilisoma 148 kwa 90. Wakaniambia ni presha, nikapewa vidonge vya kizunguzungu vya siku saba, mara tatu kwa siku. Hakuna aliyeniuliza kinanijia nikiwa nafanya nini. Vidonge vile vilinilaza mchana kutwa, na usiku nikijigeuza kulia, kipo palepale. Baadaye nilielezwa sababu, na inaingia akilini: kila kizunguzungu kinapokuja hudumu sekunde chache, kidonge hata hakijayeyuka tumboni chenyewe kimeshapita. Tena kidonge hakihamishi kitu kilichopotea njia ndani ya sikio.

Siku ya tisa binti yangu akanipeleka kliniki ya masikio, pua na koo hapa mjini. Tulikaa kwenye benchi karibu saa tatu kabla ya kuitwa, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwao, kwa sababu mtu anayeyumba hakai benchi lisilo na egemeo asubuhi nzima. Kumwona daktari ni shilingi elfu 30. Tiba yenyewe haikuongezewa kitu.

Daktari ni kijana, mpole. Nilianza kumweleza, "Daktari, nasikia kizunguzungu kikali," akanikatiza kwa adabu. "Mama, neno hilo linabeba mambo mengi. Wako wanaosema kizunguzungu wakimaanisha macho kuwa giza wakisimama, wako wanaohisi kichwa chepesi, na wako wanaoona nyumba inazunguka. Mimi nataka unijibu mawili: kinakuja ukifanya nini, na kinakaa muda gani?"

Nikamwambia kinakuja nikijigeuza kitandani, nikiinamisha kichwa kwenye sujudu, na nikiangalia juu kuchukua kopo la sukari kabatini. Nikikaa nimetulia hakipo. Kuhusu muda nilisema dakika tano. Akatabasamu, akasema tutaona.

Jambo la kujigeuza kitandani alilishikilia sana, na sasa naelewa kwa nini. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni kidogo, presha ikashuka, macho yakafanya giza. Hicho ndicho kizunguzungu cha kawaida, cha mtu asiyekunywa maji, mwenye upungufu wa damu, au anayemeza dawa za presha. Lakini mtu aliyelala akijigeuza ubavu hajasimama, presha yake haina sababu ya kushuka. Hata hivyo alinipima nikiwa nimelala, kisha nikiwa nimesimama kwa dakika tatu: 146, halafu 140. Akasema ingeshuka 20 au zaidi, angeanza kutafuta huko.

Kisha, kabla hajanigusa shingo, akafanya vitu ambavyo mwanzoni niliona havihusiani na sikio. Niguse pua yangu halafu kidole chake, mkono huu na huu. Nifuate kalamu kwa macho, je, naiona moja au mbili? Nitaje majina ya wanangu apate kusikia ulimi. Nimeze maji. Nitembee korido nzima bila kushikwa. Nikamuuliza vya nini, na ndipo nilipomsimulia habari za kaka.

Kaka ana miaka 61, presha na sukari anazo. Siku ile wifi alinipigia asubuhi: "Wifi, kaka yako ameamka na kizunguzungu, hawezi hata kukaa." Nilimkuta ameegemezwa mito, na kila tulipomwachia anaangukia upande wa kushoto kama gunia lisilofungwa vizuri. Anatapika. Kizunguzungu kilianza alfajiri na hakikukatika hata akiwa ametulia tuli. Uso haukupinda, mikono yote ina nguvu, na hilo ndilo lililotudanganya sote. Hospitali tuliyoanzia walimdunga sindano ya kuzuia kutapika wakaturudisha nyumbani. Jioni ulimi ukawa mzito na akaanza kuona watu wawiliwawili.

Hospitali ya pili daktari alimtazama macho kwanza. Akiangalia kulia macho yanarukia kulia, akiangalia kushoto yanarukia kushoto. Halafu akamwambia akazie macho pua yake, akamshika kichwa na kukigeuza kwa haraka kidogo sana, kama mtu anayetikisa embe mtini. Macho ya kaka yalibaki yametulia puani pa daktari. Sisi tukafurahi, lakini daktari hakufurahi. Alisema kwa mtu ambaye kizunguzungu hakimwachi, sikio likiwa ndilo bovu, macho huponyoka na kichwa kisha yanaruka kurudi. Yakitulia vizuri hivyo, sikio ni zima na tatizo liko kwenye ubongo wa nyuma. Picha ya sitiskani ikatoka safi. Kumbe picha ile huona vizuri damu iliyovuja, ila kwa mshipa ulioziba kule nyuma ya kichwa, hasa saa za mwanzo, mara nyingi haionyeshi. MRI ya siku ya tatu ndiyo iliyoonyesha. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwenye hospitali zilizo nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Sisi muda huo tuliumalizia nyumbani tukimpa maji ya ndimu.

Yule kijana wa kliniki alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, cha kaka yako kilikaa. Chako kinakuja na kwenda, na kina ufunguo wake. Lakini ndiyo maana siwezi kukulaza kabla sijakagua hayo." Akaongeza kuwa kile kipimo cha kugeuza kichwa kwa haraka hakinifai mimi, ni cha mtu ambaye kizunguzungu kipo muda huohuo na hakikatiki.

Akanikalisha kitandani miguu imenyooka, akanigeuza kichwa kulia, nusu ya njia ya kufika begani. Akaniambia nisifumbe macho hata nikiogopa. Sista akashika simu yangu kurekodi. Wakanilaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Sekunde ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, ya tatu, hakuna. Nikataka kusema "mbona sioni," na hapo dari likaanza kukimbia. Nilimshika daktari mkono nikapiga kelele. Yeye anahesabu kwa sauti. Kilipokatika alikuwa amefika 22. Dakika zangu tano zilikuwa sekunde 22.

Video ile ninayo mpaka leo. Jicho linajipindua kwa mirukomiruko, sehemu yake ya juu ikielekea sikio la kulia, lile la chini, na wakati huohuo linarukia paji la uso. Kuchelewa sekunde kadhaa, kujipindua namna ile, na kuisha chini ya dakika moja: hizo ndizo alama alizokuwa anazitafuta. Macho yangerukia chini moja kwa moja, au yangeendelea kuruka bila kuisha, angesimamisha kila kitu anipeleke kupigwa picha ya kichwa.

Alinichorea kwenye karatasi. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyolala juu ya kitu kama utando wa uteute, kazi yake kumwambia mwili upande gani ni chini. Jirani yake kuna mifereji mitatu iliyopinda kama pete, imejaa maji, hiyo hupima mzunguko wa kichwa. Vijiwe vikibanduka vikaingia kwenye mfereji wa nyuma, kila ukiinamisha kichwa vinabingirika, vinasukuma maji, na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala. Huwapata zaidi wenye umri wangu, miaka 54, na hasa wanawake. Kugonga kichwa pia kunatosha kuvibandua, na mimi wiki tatu kabla nilikuwa nimejigonga kwenye mlango wa daladala.

Tiba ikaanzia palepale nilipolala. Alisubiri kama dakika moja baada ya kutulia, akanigeuza kichwa upande wa kushoto bila kukiinua. Akasubiri tena. Akanilaza ubavu wa kushoto uso ukitazama sakafu, na hapo kikaja kidogo. Akasema vizuri, vinasogea. Dakika nyingine, kisha akaniinua kuketi kidevu kikiwa kifuani. Nilipoketi nilivutwa nyuma kwa nguvu, sista akanidaka. Njia hii aliibuni daktari Mmarekani, John Epley, akaichapisha mwaka 1992, na haihitaji mashine wala sindano, ila mtu anayejua ni sikio lipi na anayesubiri kila hatua. Tulipumzika, akanilaza tena kulia kupima. Safari hii sekunde kumi tu, hafifu. Akarudia mzunguko wote. Mara ya tatu nililala nikaliangalia dari, halikutikisika.

Usiku ule nilijigeuza kulia nikiwa nimeshikilia kitanda, nikingoja. Hakikuja.

Jambo ambalo hawakuniambia ni kwamba siku tano au sita baadaye ningekuwa natembea kama niliyeshuka kwenye jahazi. Si kuzunguka, ni kuelea tu, na kuliisha kwenyewe. Wangenitajia nisingelala nikiwaza. Na jirani yangu alipojaribu kumgeuza mamaake kwa kufuata video ya mtandaoni, alimgeuza upande usio wake siku tatu mfululizo, tena mama yule ana shingo mbovu. Wakati mwingine vijiwe huingia mfereji wa pembeni, na hapo mageuzo ni mengine kabisa.

Mwezi wa saba kilirudi, sikio lilelile la kulia. Daktari alikuwa amenionya kuwa hurudi. Safari hii sikuenda zahanati. Kabla ya kutoka nyumbani nilijikagua kama alivyonifundisha: nimetulia hakipo, natembea mwenyewe, naona kimoja, nasema vizuri, sikio halijaziba ghafla, kichwa na shingo haviumi. Lingekosekana moja kati ya hayo, binti yangu alikuwa na maagizo ya kunipeleka dharura moja kwa moja, si kliniki. Yote yalikuwa sawa. Kitandani kwa daktari nilikaa robo saa. Benchi lilichukua saa mbili na nusu.