Namba za Chaneli ya Jirani: Tovuti za Kulinganisha Zinakwambia Nini?

Hamjambo jamani, karibuni. Leo nachambua zile tovuti za bure za kulinganisha chaneli za YouTube. Unaweka chaneli yako na ya mwenzako, inakupa uwiano na alama. Kuchota namba, zinachota vizuri. Alama ndiyo inayonitia wasiwasi.

Chukua mfano wa kubuni, chaneli mbili za mapishi hapa Mombasa. Ya Kongowea ina wafuasi 8,400, ya Nyali ina 61,000. Nimechukua video ndefu kumi kumi, zote zina mwezi mmoja hadi mitatu tangu zipakiwe. Umri huo usiuache, kwa sababu video ya juzi haijamaliza kukusanya watazamaji. Na zote ziwe za majira yaleyale: mapishi ya futari katikati ya Ramadhani huwezi kuyapima na ya mwezi wa pili baada ya Idi.

Sasa Kongowea video moja ya viazi karai ilipata 48,000, zile tisa nyingine jumla yake 18,900. Wastani unakuja 6,690, na hakuna video hata moja iliyopata namba hiyo. Kwa hiyo zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya tano na ya sita, uzijumlishe, ugawe kwa mbili. Nimepata 2,100. Nyali, kwa njia hiyohiyo, 6,100.

Gawanya kwa wafuasi: Kongowea 0.25, Nyali 0.10. Tovuti inampa Kongowea alama ya juu. Na hapa ndipo watu wanapotangaza, "Robo ya wafuasi wangu wananitazama!" Hapana, ndugu yangu. Mtu mmoja aweza kutazama mara tatu, mwingine katokea kwenye utafutaji na wala hakufuati. Kisha wafuasi wa Nyali wamejikusanya miaka. Waliobonyeza zamani wakasahau bado wamo kwenye hesabu. Chaneli ikikua, uwiano huu huelekea kushuka bila kazi kuharibika.

Unachoweza kusema ni kwamba video ya kawaida ya Nyali inatazamwa karibu mara tatu ya ile ya Kongowea. Basi. Kwa nini, namba za hadharani hazisemi.

Na msitumie jumla ya utazamaji wa chaneli nzima. Video fupi, Shorts, zimo humo, na tangu tarehe 31 Machi 2025 kila inapoanza kucheza au kurudia inahesabiwa, hata ukiipita hapo hapo.

Wafuasi nao YouTube huonyesha tarakimu tatu za mwanzo tu, ikishusha. Mwenye 123,000 akiongeza 900 huenda asionekane amesogea, kwa hiyo mchoro wa ukuaji wa kila siku ukilala, usimcheke.

Mimi naipa tovuti nyota tatu kati ya tano. Namba nazipeleka kwenye jedwali langu, ile alama siiangalii.