TAHADHARI: Boksi la marumaru linalohesabiwa "mita moja na nusu"

Mnaokarabati vyumba, kuna mchezo unaendelea kwenye baadhi ya maduka ya marumaru. Muuzaji anataja bei ya mita ya mraba, tena nafuu, kisha anahesabu kila boksi la sitini kwa sitini kuwa mita 1.5. Boksi hilo lina vipande 4, kila kimoja mita 0.36, jumla 1.44. Ukichukua maboksi 12 umelipia mita 0.72 ambazo hazipo, yaani vipande viwili vya hewa.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kukukadiria pungufu makusudi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.6: ni mita 14.4, naye atakwambia maboksi 10 yanatosha kabisa. Kwa kikokotoo yuko sahihi, sakafuni siyo. Upande wa 3.6 unaingia vipande 6 kamili, lakini upande wa 4 unaingia 6 na kubaki sentimita 40. Kila safu itakata kipande kizima kupata hizo 40, na kinachobaki ni 20, hakizibi pengo lingine. Kwa hiyo sakafu inakula vipande 42, si 40.

Bado skating, ule ukanda wa marumaru unaozunguka chini ya ukuta. Mzunguko ni mita 15.2, toa mlango wa sentimita 90, inabaki 14.3, sawa na vipande 24 vya urefu wa 60. Ukikubali kimo cha sentimita 9.5, yale mabaki 6 yanatoa 12, na marumaru mbili nzima zinatoa 12 vingine. Jumla 44. Andika maboksi 12, vinne vibaki vya kuvunjika na vya akiba.

Ukinunua 10, fundi atakwama na utarudi dukani. Hapo ndipo unaambiwa mzigo ule umeisha, upo mwingine "rangi ileile", bei imepanda. Si ileile. Ubavuni mwa boksi kuna namba ya toleo na ya rangi. Zikitofautiana, sakafu itaonyesha mstari mchana kweupe. Maboksi yote 12 yasomwe namba kabla hujalipa. Toa kipande kimoja kimoja kwenye maboksi manne tofauti, vipange juani. Kisha bandika viwili uso kwa uso upapase kingo: kimoja kikizidi hata milimita moja, mistari ya grauti haitanyooka.

Kwenye rangi mchezo ni kinyume, anakuzidishia. Kuta za chumba hicho, kimo mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha ni kama mita 39. Rangi ya maji hupaka takribani mita 10 kwa lita kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliopigwa skimu na praima, hivyo mikono miwili ni lita 8: galoni mbili za lita 4. Ndoo ya lita 20 anayokusukumia huihitaji, na kama kifuniko kimeshafunguliwa, iache palepale, huenda imeongezwa maji.

Kwenye risiti waandike idadi ya vipande na namba ya toleo. "Marumaru mita 18" haikusaidii ukirudi kudai.