TAHADHARI kwa maharusi wa Mombasa: anachukua arbuni kwa picha za hina za uongo

Dada zangu, na akina mama mnaomtafutia bibi harusi mtu wa kumtia hina, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu anajitangaza mitandaoni kuwa ni mchoraji wa maharusi. Anataka nusu ya malipo kwa M-Pesa kama arbuni, na picha anazotuma sizo kazi anayoifanya. Jina alilokuwa akitumia amekwisha kulibadilisha pamoja na nambari, kwa hivyo kulitaja hakumsaidii mtu. Picha lakini ni zilezile tatu. Nitazieleza moja moja, ili zikikufikia uzitambue, na ukitumiwa nyingine za namna hiyo ujue la kutazama.

Mimi kazi yangu ni kutia hina. Bibi harusi mmoja aliletwa kwangu na mama yake jioni ya kuamkia harusi, mikono ikiwa imeharibika: maua yamevuja, rangi ni ya chungwa iliyopauka, na mkono wa kushoto haufanani na wa kulia. Nilimwomba anionyeshe picha alizotumiwa, nikazikuza kwenye simu.

Ya kwanza ni ya mgongo wa mkono, mistari myembamba kama uzi, rangi ya kahawia inayokaribia weusi. Bibi harusi aliambiwa, "Hivi ndivyo itakavyotoka." Lakini ile si rangi iliyoingia ngozini. Ni hina yenyewe mbichi, bado iko juu ya mkono. Ukikuza picha unaona mstari umeinuka, una mng'ao upande mmoja na kivuli chembamba upande wa pili, na karibu na kiwiko cha mkono pana ufa mdogo ambapo hina imeanza kukauka. Rangi iliyoingia ngozini haina kimo wala kivuli, na mistari ya ngozi hupita ndani yake.

Kupiga picha hina ikiwa mbichi si kosa. Sote tunafanya hivyo, kwa kuwa mteja akishaondoka huenda usimwone tena. Kosa ni kumwambia mtu kwamba ile ndiyo rangi. Na usafi wa mstari haujulikani mpaka hina ibanduliwe. Hina ikiwa nyepesi mno, au ikitiwa mafuta kupita kiasi, au mkono ukitoka jasho, rangi hutambaa kando ya mstari. Nukta zilizo karibu hushikana, ncha za majani huwa butu, na nafasi ndogo kati ya mistari miwili hujaa rangi. Kwa hivyo kwenye picha ya rangi iliyokwisha kutoka, usitazame mistari minene. Tazama pale kazi ilipo nyembamba kabisa: vijiwavu vya katikati ya ua, na nukta za mwisho kwenye vidole. Pakiwa wazi pale, mkono wa mchoraji ni mzuri na hina yake imekorogwa sawasawa. Kwa bibi harusi huyu, vijiwavu vyote vilikuwa vimegeuka mabaka.

Picha ya pili ni ya kiganja, na rangi imekolea sana, nyekundu ya damu ya mzee. Hapa nilitazama vitu visivyo na hina. Kucha zilikuwa za chungwa ilhali hazikupakwa kitu, na shuka jeupe lililolazwa chini ya mkono limekuwa la manjano. Mtu ameipandisha rangi ya picha nzima, na hina ikapanda pamoja na kucha na shuka. Ikiwa picha haina kitu cheupe hata kimoja, omba nyingine.

Tena jueni mwendo wa rangi yenyewe. Hina ya majani ikibanduliwa hutoka ya chungwa. Huendelea kukolea kwa siku mbili hivi, ikaishia kwenye kahawia yenye wekundu. Kiganja hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene; mgongo wa mkono hubaki hafifu, na juu kuelekea kwenye mkono huzidi kufifia. Mtu akikuonyesha kiganja, mgongo na mkono mpaka karibu na kisugudi vyote vimekolea sawa, muulize ametumia nini. Jambo jingine ni ngozi ya anayepigwa picha. Rangi ileile inayoonekana wazi kwenye mkono mweupe huwa haionekani sana kwenye mkono mweusi. Wale wa picha tatu wote ni weupe, na bibi harusi wetu si mweupe. Alistahili kuonyeshwa mkono wa mtu anayefanana naye.

Yule mchoraji alimwambia bibi harusi aibandue hina baada ya saa moja. Mimi mteja wangu namwambia alale nayo, au akae nayo saa sita hadi nane, kisha asiguse maji mpaka siku ya pili. Ilipotoka ya chungwa, yule mtu alijitolea kupitisha piko juu yake ili iwe nyeusi "kama pichani". Mama alikataa, na alifanya vyema. Piko tunalolijua huku pwani ni rangi ya nywele, na ndani yake mara nyingi mna kemikali iitwayo PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango maalumu, lakini si kwenye ngozi. Ngozi inayoikataa hufura na kutoa malengelenge kufuata maua yenyewe, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, harusi ikiwa imekwisha. Picha ya mkono uliokuwa mweusi tititi siku ileile uliopakwa haitoki kwenye majani ya hina.

Picha ya tatu ndiyo iliyowavutia: mikono miwili imelazwa sambamba, ua kwa ua, nukta kwa nukta. Nilitazama petali ya tatu ya ua kubwa la mkono wa kulia, nikaona nukta moja imekosewa, imegusana na mstari. Kwenye mkono wa kushoto nukta ileile imekosewa pale pale. Kuna doa dogo jeusi chini ya kidole cha pete, mikono yote miwili. Na kivuli cha mkono mmoja kinaelekea kushoto, cha mwingine kulia, ilhali dirisha ni moja. Ni mkono mmoja uliogeuzwa na kubandikwa.

Mikono iliyochorwa na binadamu hulingana kwa hesabu na mahali. Hesabu petali: zikiwa nane huku ziwe nane kule. Tazama kama katikati ya ua iko chini ya kidole cha kati kwa mikono yote, na kama bangili ya hina kwenye viwiko vya mikono imesimama kimo kimoja. Tofauti ndogo za mkunjo wa jani lazima ziwepo.

Kabla ya kutoa arbuni, ombeni video fupi ya mteja mmoja siku ya pili baada ya hina kutolewa, karibu na dirisha, bila filta, akigeuza mikono yote miwili mgongo na kiganja. Huyu mtu aliombwa hivyo na mteja mwingine, akamfungia papo hapo.

Pesa za bibi harusi hazijarudishwa. Kama nawe ulimlipa, usifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya wasapu, na upige ripoti polisi ukiwa navyo. Na ukitumiwa ile picha ya mikono miwili yenye doa chini ya kidole cha pete, weka hapa nambari iliyokutumia.