Uzoefu wangu: gereji ya Tabata iliyokataa kufungua gari langu

Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Mwezi uliopita ilianza kunguruma. Nikifika spidi ya 60 mngurumo unapanda, na nikikata kona ya kushoto unazidi, kwa kuwa uzito wa gari unahamia upande wa kulia. Hata mimi nisiye fundi nilishajua ni beringi ya gurudumu la mbele kulia. Swali lilikuwa nani wa kuifunga, maana nina kovu.

Mwaka jana nilipeleka gari hilihili kwingine kwa shughuli ya gia boksi. Fundi aliifungua asubuhi, mchana ndipo akaanza kutafuta spea, na spea ikakosekana. Gari likakaa juu ya mawe siku 9, bolti zake zikiwa ndani ya kopo la rangi. Kila nikipiga simu naambiwa "kesho jioni, dada." Nilipolichukua, bolti mbili zilibaki na hakuna aliyejua zilitoka wapi.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya bei, nilitazama kwanza gereji inavyopanga kazi zake. Ni ndogo: lifti 2 na mafundi 3, akiwemo mwenyewe. Ukutani kuna ubao wenye misumari, na kila gari lina funguo yake pale, na kikaratasi. Safu ya juu ni magari yenye saa ya kuchukuliwa. Ya kati ni yanayosubiri spea. Ya chini ina misumari 2 tu, na ni ya yaliyoletwa na brekdauni. Funguo ikihama msumari, kila mtu pale anajua gari limehama foleni.

Nilifika Alhamisi saa 2 asubuhi. Fundi mwenye gereji akaliendesha mpaka barabarani na kurudi, akanyanyua gurudumu kwa jeki, akalizungusha kwa mkono huku kiganja kingine kiko kwenye springi. Beringi iliyochoka unaisikia inakwaruza kwenye kiganja. Akapiga picha namba ya chesisi, inayoanza na NCP61, akaituma kwa muuza spea Kariakoo. Gari langu akaliandikia kuingia lifti saa 8 mchana na kutoka saa 11 jioni.

Nikamuuliza: kazi inachukua saa 2 na nusu, lifti moja iko wazi, kwa nini usianze sasa? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Beringi ya mbele ya IST imeshindiliwa kwa presi. Ukiikamua kutoka kwenye habu, mara nyingi inaachana vipande, hairudishiki tena. Ukishaikamua na mpya haijafika, au imefika isiyo yenyewe, gari halisukumiki. Lifti imekufa, na magari mawili yaliyoahidiwa jioni yamekufa nayo. "Spea iwe mezani kwanza, nimeishika," alisema.

Nikapanda daladala kwenda kazini. Saa 6 na nusu simu ikaita. Bodaboda ameleta beringi, lakini namba iliyochongwa kwenye ukingo wake hailingani na ile aliyonayo kwenye daftari lake la IST. Boksi limeandikwa IST, kilichomo ni kingine. Ameirudisha, na sahihi itafika jioni. Hataweza kunipa gari leo, na nafasi yangu anampa mwingine.

Nilikasirika, sitaficha. Ila alinipigia saa nne na nusu kabla ya muda wa ahadi, si mimi niliyempigia saa 11 nikiwa getini. Na gari lilikuwa bado liko kwenye magurudumu yake manne. Ningetaka, ningelifuata na kuliendesha polepole mpaka nyumbani.

Aliyepewa nafasi yangu nilimwona jioni nilipopita. Ilikuwa Noah iliyochemka Kimara ikielekea Morogoro, ikavutwa mpaka hapo mchana, na familia nzima imekaa kwenye benchi. Nilidhani gari la brekdauni linapita mbele ya wote, kumbe sivyo. Linachopewa papo hapo ni nusu saa ya kuangaliwa, tena chini, si kwenye lifti. Lilipoachwa lipoe, wakajaza maji, wakaona yanadondoka kwenye pampu ya maji. Pampu inapatikana Tabata hapohapo, kazi ni ya saa 2 na kitu, basi ikaingia kwenye nafasi iliyoachwa na IST yangu. Kama wangekuta gasketi ya hedi imeungua, funguo ingehamia safu ya kati, familia ingetafutiwa usafiri, na Noah ingesubiri kama wengine. Fundi anasema dharura ni kumtoa mtu barabarani, kumjengea injini ni kazi ya kawaida.

Muda wa kuwapokea watu kama hao anauweka akiba. Kila fundi anafanya kazi saa 8 kwa siku, lakini yeye anaahidi wateja saa 6 tu za kila mmoja. Siku isiyo na brekdauni, akiba hiyo inatumika kwa magari ya safu ya kati ambayo spea zake zimefika. Brekdauni zikija tatu kwa mpigo akiba haitoshi, na hapo misumari miwili ya chini inamsaidia kusema "leo siwezi, jaribu kwa jirani." Nilimsikia akimwambia mtu hivyo, na mtu akaondoka kwa hasira.

Ahadi yangu mpya ilikuwa Ijumaa saa 10 jioni. Niliona anajipendelea, maana beringi ilishafika. Lakini presi si yake, ni ya karakana ya jirani yenye foleni yake, na mafundi wake wawili wanakwenda kuswali Ijumaa, hivyo kati ya saa 6 na saa 8 hahesabu kitu. Gari likapanda lifti saa 3 asubuhi na saa 9 likawa limekwisha. Beringi ilinigharimu shilingi 55,000, ufundi 40,000 pamoja na presi. Ile ya zamani nilikabidhiwa kwenye mfuko, vipande viwili kama alivyosema.

Kasoro ipo, na ni ya jioni. Watu watano tuliahidiwa kati ya saa 10 na saa 11, na anayefanya majaribio ya barabarani ni mwenyewe peke yake. Hatoi gari lililofunguliwa magurudumu bila kuliendesha, na Tabata jioni mnaijua. Gari langu lilikwisha saa 9, mimi nimefika saa 10 kamili, nimeondoka saa 11 na dakika 10. Ubao wake unahesabu mikono ya mafundi na lifti, hauhesabu foleni ya hayo majaribio. Nilimwambia, akacheka, akasema wateja wote wanataka jioni. Ni kweli, lakini angeweza kunijaribia saa 9 hiyohiyo lilipokwisha.

Kando ya ukuta kuna Verossa inayosubiri spea ya gia boksi kutoka Dubai. Magurudumu yote yamefungwa, na vilivyofunguliwa viko kwenye mifuko yenye maandishi ndani ya buti. Nilipouliza ina muda gani, kijana akaniambia wiki ya tatu, kisha akaisukuma peke yake kunipisha nitoke.